Barua ya Februari: Kuiomba Benki Ipange Marejesho Yafuate Msimu

Ndugu mwenyekiti, ndugu zangu wafanyabiashara, habari za asubuhi. Nimeombwa nizungumzie mikopo. Mada hiyo ni pana, tukiibeba yote tutafungiwa ukumbi. Nitazungumzia karatasi moja tu: barua ya kuiomba benki ipange upya marejesho ya mkopo ambao mmeshauchukua na mnaendelea kuulipa. Tena nitachukua shida ya aina moja, ya biashara ambayo kwa mwaka mzima inatosha kulipa deni, ila kuna miezi kila mwaka inakauka kabisa.

Kwa miaka kadhaa kazi yangu ilikuwa kuzisoma barua hizo nikiwa upande wa benki. Siku hizi nawasaidia watu kuziandika. Nyingi zinafanana kama zimetoka stationari moja. Zinaanza na "Husika na kichwa cha habari hapo juu", zinaeleza kwamba hali ya biashara imekuwa ngumu, zinaiomba benki itumie busara, kisha zinawatakia kazi njema. Tarakimu hamna. Mchambuzi akimaliza kuisoma anajua jambo moja tu, kwamba mteja ana hofu. Hofu haiingizwi kwenye fomu yoyote ya benki, kwa hiyo faili linarudi tawini na maelezo mafupi: mteja aendelee kulipa kwa mujibu wa mkataba.

Kuna jambo wengi hawalijui. Yule afisa mikopo mnayemzoea, anayekuja dukani na kunywa naye soda, kwa kawaida hana mamlaka ya kubadilisha masharti ya mkopo. Anaandika mapendekezo, faili linapanda makao makuu, linafika mbele ya watu ambao hawajawahi kukanyaga Chanika wala Mbande, hawajui kwenu mvua ikinyesha barabara inakuwaje. Barua yenu ndiyo itakayozungumza mle ndani, nanyi hamtakuwepo kuongezea neno. Basi iandikeni kwa ajili ya huyo asiyewajua.

Sasa twende kwenye mfano. Nimeuunda mwenyewe kutokana na mafaili mengi ili nisimwanike mtu, lakini wenye biashara ya matofali mtajiona humo. Ni mama mmoja anayefyatua tofali za saruji Chanika. Mwishoni mwa Novemba alikopa shilingi milioni 60 kununua mashine na gari la kusambazia, kwa miezi 36, riba asilimia 18 kwa mwaka kwenye salio linalopungua. Rejesho lake ni shilingi milioni 2.17 kila mwezi, mwezi wa kiangazi na mwezi wa mvua sawasawa. Alianza kulipa Desemba, na hadi mwisho wa Januari ya mwaka wa pili ameshalipa marejesho 14 bila kuruka hata moja. Deni lililobaki ni milioni 40.4, na miezi iliyobaki ni 22.

Ukilitazama faili lake kutoka benki, mteja huyu hana tatizo. Analipa, tena anawahi. Tatizo linaonekana ukiuliza amelipaje Aprili.

Masika ya Dar es Salaam huanza Machi na kuisha Mei, na Aprili ndiyo mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote. Tofali mbichi ikinyeshewa kabla haijashika inameguka kingo, na iliyomeguka hainunuliwi. Lori la mchanga linakwama njiani. Mteja aliyechimba msingi anakuta umejaa maji, anasimamisha ujenzi mpaka Juni. Na hata kabla ya mvua kuna Januari: wajenzi wetu wengi hujenga kidogo kidogo kwa mishahara na faida za maduka, na Januari fedha hiyo inakwenda kwenye ada za shule. Machi nayo ina awamu ya kwanza ya makadirio ya kodi ya TRA, kwa wanaolipa kwa mwaka wa kalenda. Mambo hayo matatu yanafuatana, na kila mwaka yanarudi.

Tulichukua taarifa ya akaunti yake ya benki, taarifa ya lipa namba, na daftari la mauzo ya mkononi, tukahesabu kila mwezi kinachobaki baada ya saruji, mchanga, vibarua, umeme, mafuta ya gari, pango la kiwanja, kodi, na matumizi ya nyumbani. Hili la nyumbani msilifiche. Benki inajua mnakula. Hesabu isiyo na chakula wala karo ya watoto haiaminiki hata kabla ya kufika ukurasa wa pili.

Safu ya kwanza hapa chini ni kilichobaki kabla ya kulipa mkopo wowote, kwa shilingi milioni. Ya pili ni rejesho la sasa. Ya tatu ni rejesho tunaloliomba kwa mwaka wa kwanza, nitaieleza baadaye.

| Mwezi | Kilichobaki | Rejesho la sasa | Rejesho linaloombwa |
|---|---|---|---|
| Februari | 2.9 | 2.17 | 2.2 |
| Machi | 1.5 | 2.17 | riba tu, 0.58 |
| Aprili | 0.2 | 2.17 | riba tu, 0.58 |
| Mei | 0.3 | 2.17 | riba tu, 0.58 |
| Juni | 2.4 | 2.17 | 1.5 |
| Julai | 3.8 | 2.17 | 3.0 |
| Agosti | 4.1 | 2.17 | 3.0 |
| Septemba | 4.0 | 2.17 | 3.0 |
| Oktoba | 3.6 | 2.17 | 3.0 |
| Novemba | 2.2 | 2.17 | 1.7 |
| Desemba | 2.6 | 2.17 | 1.7 |
| Januari | 1.6 | 2.17 | 1.2 |

Jumlisheni safu ya kwanza, mtapata milioni 29.2. Marejesho ya mwaka ni milioni 26. Maana yake biashara inalibeba deni lake na inabakiwa na milioni 3.2. Lakini Machi, Aprili na Mei kwa pamoja zinaingiza milioni 2, na benki inadai milioni 6.5. Shimo hilo lina ukubwa wa milioni 4.5, na linachimbika upya kila mwaka mahali pale pale.

Hapa mchambuzi mzuri atauliza swali, na ni swali la haki: kwa nini huyu mama haweki akiba Julai hadi Oktoba ili aje ale Aprili? Miezi hiyo minne inamwachia karibu milioni 6.8 baada ya rejesho. Kwenye karatasi inatosha. Barua isiyojibu swali hili imekufa, kwa sababu atajijibu mwenyewe, na jibu lake litakuwa kwamba mteja hana nidhamu.

Jibu la kweli liko kwenye tarehe ya kukopa. Marejesho yalianza Desemba. Masika ya kwanza yalimkuta kabla hajapitia hata kiangazi kimoja, kwa hiyo akiba ya kula haikuwepo. Mwezi Mei alikuwa amepungukiwa jumla ya karibu milioni 4.4. Alifanya ambacho wengi humu wamefanya, alikwenda kwa kausha damu. Alichukua milioni 4.4 kwa vipande vipande, na hadi Oktoba alikuwa amewarudishia milioni 6.3. Hiyo milioni 1.9 ya ziada ndiyo iliyomeza sehemu kubwa ya ile 3.2. Kilichobaki kikatengeneza injini ya mashine. Februari imemkuta mkono mtupu, masika ya pili yanagonga mlango.

Je, amweleze benki habari ya kausha damu? Watu wengi wananiambia nisiwashauri hivyo. Mimi nasema aeleze, kwa sababu mbili. Kwanza, miamala ile iko kwenye taarifa ya simu aliyoiambatanisha mwenyewe, na mchambuzi anaitambua haraka: fedha inaingia kwa mkupuo kutoka namba moja, kisha inatoka kila siku kwa kiasi kile kile. Pili, ndiyo inayothibitisha hoja yake. Bila hiyo hakuna maelezo ya faida ilikokwenda.

Tukubaliane pia kwamba hali ikiachwa ilivyo, mkopo hautaanguka kesho. Nimelipigia hesabu: mwaka huu angeshindwa kukamilisha rejesho la Aprili, angechelewa kwa kama siku 60, kisha Agosti angekuwa ameshika njia tena, kama kila senti inayobaki Juni na Julai ingekwenda benki. Mkopo huitwa chechefu ukifikisha siku 90 bila kulipwa. Hajafika huko. Ila siku hizo 60 zina adhabu ya kuchelewa, na zinaandikwa kwenye taarifa za wakopaji ambazo benki nyingine zote zinazisoma. Akienda popote baadaye kutafuta mkopo wa nafuu, ataulizwa habari za Aprili hiyo.

Basi aombe nini? Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu hata anayeandika barua nzuri huomba dawa isiyoponya.

Ombi linalopendwa kuliko yote ni hili: "Naomba likizo ya miezi mitatu." Benki ikikubali kirahisi hivyo, mara nyingi riba ya miezi hiyo inaongezwa juu ya deni, na tarehe ya mwisho ya mkopo haisogei. Tuhesabu. Analipa Februari kama kawaida, anapumzika Machi hadi Mei, deni linavimba mpaka karibu milioni 40.6, na limebakiza miezi 18. Rejesho jipya linakuwa milioni 2.59. Juni tu, mwezi wa kwanza baada ya likizo, kinachobaki ni milioni 2.4, anaanza na pungufu la karibu laki mbili. Na masika yajayo, ambayo hayana likizo, yanadai milioni 7.8 kwenye miezi inayoingiza milioni 2. Shimo lililokuwa 4.5 limekuwa 5.8. Likizo ya mara moja inamfaa mtu aliyepata ajali ya mara moja: duka limeungua, mwenyewe ameumwa. Mwezi Mei 2020, wakati wa korona, Benki Kuu ilitangaza kwamba itazilegezea masharti benki zitakazopanga upya mikopo ya walioathirika, na kwa pigo kama lile likizo ilikuwa na maana. Masika si pigo la namna hiyo. Yako kwenye kalenda.

Ombi la pili ni kurefusha muda. Tuseme benki inampa miezi 30 badala ya 22, marejesho sawa kila mwezi. Inakuwa milioni 1.68. Unaona nafuu, unashukuru, unasaini. Lakini Machi hadi Mei bado zinadai milioni 5, na zinaingiza 2. Atarudi kwa kausha damu na mkopo mrefu zaidi mkononi.

Kinachomfaa ni kubadilisha umbo la marejesho. Angalieni tena ile safu ya tatu. Miezi ya mvua analipa riba tu. Julai hadi Oktoba analipa milioni 3 kila mwezi, zaidi ya anayolipa sasa. Miezi ya katikati analipa kiasi. Kwa mwaka wa kwanza anatoa jumla ya milioni 22 kutoka kwenye milioni 29.2. Mkopo unaisha katika mwezi wa 30, yaani miezi minane baada ya tarehe ya mwisho ya mkataba wa sasa. Benki haijasamehe hata shilingi, na hakuna mwezi ambao riba inalala bila kulipwa.

Sehemu hiyo ya milioni 3 ndiyo inayobadilisha sura ya mteja mbele ya kamati. Anayeomba kupunguziwa tu wako wengi. Anayesema "nipunguzieni Aprili, nami nitawaongezea Agosti", tena akaonyesha Agosti anabakiwa na nini, huyo amekuja na biashara. Na umbo lenyewe si geni kwa benki zetu. Wanamkopesha mkulima wa korosho wa Mtwara wakijua atalipa akishauza, hawamdai kila mwezi kama mwalimu wa sekondari. Sisi wa Dar es Salaam tunadhaniwa wote tuna mshahara.

Nafuu hii ina gharama, iandikeni wenyewe kabla hamjaambiwa. Kwa mpango wa sasa riba iliyobaki ni kama milioni 7.3. Kwa mpango mpya ni kama milioni 9.8. Anaongeza karibu milioni 2.4 kwa miezi 30, bado ada ya kupanga upya mkopo na nyongeza ya bima. Upande wa pili kuna kausha damu, aliyemla milioni 1.9 kwa msimu mmoja, na mkataba wa sasa una misimu miwili ya masika mbele yake. Kama hesabu yenu ikionyesha kinyume, kwamba kupanga upya ni ghali kuliko shimo lenyewe, msiombe. Wapo ambao shimo lao ni laki nane; hao wauze mabati chakavu yaliyolala uani, yaishe.

Nimeahidi karatasi, hii hapa. Anuani na tarehe naruka, mnazijua. Ila tarehe iwe ya mwanzoni mwa Februari.

*Meneja wa Tawi,*

*YAH: OMBI LA KUPANGA UPYA MAREJESHO YA MKOPO NAMBA …… ILI YAFUATE MSIMU*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mteja wenu mwenye mkopo wa shilingi 60,000,000 uliotolewa mwezi Novemba. Hadi leo nimelipa marejesho 14 na sina deni lililopitiliza tarehe. Salio ni shilingi 40,400,000.*

*Naomba marejesho yabadilishwe kutoka shilingi 2,169,000 kila mwezi kwenda kwenye jedwali lililoambatanishwa (Kiambatisho A), na mkopo uishe baada ya miezi 30 kuanzia Februari hii badala ya 22. Siombi kusamehewa riba wala kusimamisha malipo.*

*Sababu ni msimu. Nafyatua na kuuza tofali za saruji Chanika. Kwa miezi 12 iliyopita biashara ilibakiwa na shilingi milioni 29.2 kabla ya mkopo, lakini Machi, Aprili na Mei kwa pamoja zilichangia milioni 2 tu, kwa sababu ya masika (Kiambatisho B, na taarifa za benki na lipa namba za miezi hiyo).*

*Mwaka jana nililipa marejesho ya miezi hiyo kwa kukopa shilingi milioni 4.4 kwa wakopeshaji binafsi, nikawarudishia milioni 6.3. Nimemaliza deni hilo Oktoba na sina mkopo mwingine. Ndiyo sababu faida ya Julai hadi Oktoba haikubaki kuwa akiba.*

*Kwa jedwali jipya, marejesho ya mwaka wa kwanza ni milioni 22, na hakuna mwezi ambao fedha yangu inashuka chini ya sifuri. Fedha inayobaki kila mwezi ikipungua kwa asilimia 20, nitapungukiwa shilingi 26,000 mwezi Mei peke yake. Kiasi hicho nitakifunika kwa kupunguza matumizi ya nyumbani.*

*Dhamana inabaki ile ile. Mwenzi wangu na mdhamini wangu wamefahamishwa na wako tayari kusaini nyongeza ya mkataba. Naomba majibu kabla ya rejesho la Machi. Wakati nasubiri, rejesho la Februari litalipwa kwa tarehe yake.*

Basi, imeisha. Ukurasa mmoja.

Ile sentensi ya asilimia 20 naomba niitetee, maana kuna waliocheka kwamba mtu anataja shilingi elfu 26 mbele ya benki. Mchambuzi lazima ajaribu hesabu zenu kwa kuzipunguza, ndiyo kazi yake. Ukijaribu mwenyewe kwanza na ukataja mahali inapovunjika, anaona unajua mpaka wa biashara yako. Sasa mlinganishe na barua niliyowahi kuisoma, ya mtu aliyeandika kwamba mwaka ujao mauzo yatapanda mara mbili "kwa neema za Mungu". Amina, lakini kamati haikuwa na pa kuiweka neema hiyo.

Mahali barua hizi zinapovunjikia zaidi ni kwenye mauzo ya mkononi. Mama wa mfano wetu aliuza sehemu ya tofali zake kwa fedha taslimu, ikaingia mfukoni, ikalipa vibarua, haikupita popote. Daftari linasema Agosti zimebaki milioni 4.1, akaunti inaonyesha pungufu. Mchambuzi anaamini akaunti. Hakuna njia ya mkato: daftari liambatane na risiti za EFD, stakabadhi za saruji, na idadi ya mifuko. Mifuko ya saruji iliyonunuliwa haidanganyi, kwa sababu kila mfuko unatoa idadi ya tofali inayojulikana, na fundi yeyote anaweza kukupigia hesabu. Kama mauzo ya Agosti kwenye daftari yanahitaji mifuko 900 na stakabadhi zenu ni za mifuko 500, mtaulizwa hizo nyingine ziko wapi. Na hesabu mlizopeleka TRA zisipishane na hizi. Nikisema hivi ukumbi hunyamaza. Naendelea.

Kuhusu mvua, ambatanisheni mwelekeo wa masika unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa. Ni bure, na unatoka kabla ya msimu. Yule wa makao makuu anauheshimu kuliko maneno yangu na yenu.

Kuhusu muda, Februari nimeitaja kwa makusudi. Faili linaweza kukaa wiki kadhaa kati ya tawi na makao makuu. Mtu anayeandika Mei, akiwa ameshakosa marejesho mawili, anaomba jambo lile lile kwa bei nyingine. Mkopo ukishakuwa chechefu, kuupanga upya hakuusafishi papo hapo. Benki inatakiwa kuuona ukilipwa marejesho kadhaa mfululizo kabla ya kuuhesabu mzima, na wakati huo imeshatenga fedha zake kwa ajili ya hasara. Kwa hiyo hata meneja anayewapenda anakuwa mzito.

Na wakikubali? Wasikubali kwa mdomo. Nimeona mtu aliyeambiwa na afisa wake "wewe lipa riba tu miezi hii, nimeshaongea na wakubwa", kumbe mfumo wa kompyuta unaendelea kumdai rejesho zima na kumhesabia siku. Subirini barua ya masharti mapya na nyongeza ya mkataba, someni jedwali mstari kwa mstari, kisha baada ya mwezi mmoja ombeni taarifa ya mkopo mwone kama mfumo umebadilishwa kweli. Mdhamini asaini. Masharti yakibadilishwa bila ridhaa yake, kisheria anaweza kuponyoka kwenye udhamini, na benki inalijua hilo, ndiyo maana haitatoa nafuu bila saini yake. Kama dhamana ni nyumba ya familia, mwenzi naye anahitajika. Mzungumze nyumbani kabla ya kuandika "wako tayari kusaini". Nimeshuhudia ombi lililopita kamati zote likakwama kwa sababu mume alikuwa hajui kwamba kuna mkopo.

Nimalizie na maswali mawili yaliyoletwa kwa karatasi.

La kwanza limetoka kwa mwenye ukumbi wa harusi. Anauliza kama jedwali hili linamfaa, kwa kuwa yeye hukauka mwezi wa Ramadhani. Linamfaa kwa tahadhari moja. Masika yako kwenye kalenda ile ile ya benki. Ramadhani inarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, kwa hiyo ukiandika "Machi riba tu" kwa miaka mitatu, mwaka wa tatu utapewa nafuu mwezi wenye harusi na kudaiwa kikamilifu mwezi wa mfungo. Jedwali lako litaje tarehe za kila mwaka peke yake. Na kama sherehe zako ni za Wakristo pia, Kwaresima nayo inahama. Hesabu yako ni ngumu kuliko ya matofali, njoo na kalenda tukae.

La pili: benki ikikataa? Ombeni sababu kwa maandishi. Mara nyingi kukataa ni kuhusu kitu kimoja, ama muda ama hesabu za mauzo ya mkononi, na kinaweza kurekebishwa. Wakikubali umbo la msimu ila wakakataa miezi minane ya ziada, usikimbilie kukubali wala kukataa. Rudi kwenye jedwali, uone Julai hadi Oktoba zitatakiwa kubeba kiasi gani, na zikizidi kinachobaki, waambie kwa tarakimu. Malalamiko yanaanzia benki yenyewe, kwa maandishi, na yasipopata majibu ya kuridhisha yanapelekwa Benki Kuu. Lakini Benki Kuu itaangalia kama mlitendewa haki, haitawaandikia jedwali.

Wenye mafaili yao, nipo hapa mezani hadi saa nane.